Nusu Inchi ya Mbao

Mwalimu Athanas Jilala alikuwa mtu wa kuamini karatasi kuliko macho, na kwa miaka mingi tabia hiyo haikumletea shida yoyote isipokuwa siku ya kitanda.

Kitanda hicho alikichora mwenyewe alipohamia Geita. Alipima godoro, akapima chumba, akapima mlango, kisha akakaa na rula na penseli mpaka kila kitu kikaingia ndani ya kingine bila kugusana. Fundi akafuata mchoro jinsi ulivyo. Kitanda kilipoletwa kikagota mlangoni. Wakakilaza ubavu, wakakisimamisha wima, wakakigeuza miguu mbele kama maiti, hakikupita. Kwenye ile karatasi miguu ya kitanda na mbao zake za ubavuni zilikuwa mistari tu, na mistari haina unene. Mwishowe fundi aling'oa fremu ya mlango, kitanda kikaingia, fremu ikarudishwa mahali pake.

Limi, mkewe, alikuwa amesimama uani akitazama mambo yote.

"Baba Herman," akasema, "hicho sasa ni cha kuzeekea humo humo."

"Hesabu haikuwa na kosa," Athanas akamjibu.

Na kweli haikuwa nalo.

Athanas alizaliwa Kishapu, nchi kavu ya pamba na ng'ombe. Baba yake hakujua kuhesabu, wala hakuona haja. Mifugo ikirudi jioni aliitazama ikiingia zizini, na akikosekana mmoja alijua mara moja kwamba ni yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Athanas alipopelekwa shule ya misheni alijifunza kinyume chake. Akichunga yeye, alirudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba wamebaki arobaini na wanne, lakini aliyepotea ni yupi hakuweza kusema. Alichapwa kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja. Ile arobaini na nne ilikuwa sahihi kila mara.

Akasomea ualimu, akapata cheti cha daraja la pili, akapangiwa shule ya watoto wadogo huko Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku. Huko alikaa miaka akifundisha kuhesabu kwa vijiti. Vijiti vitano, ondoa viwili. Watoto walivitafuna, walipigana navyo, walivitumia kuchokonolea masikio, na wakiulizwa vimebaki vingapi walitazama mikononi mwao na kusema ukweli: hakuna. Athanas alivichukia vijiti hivyo kama mtu anavyomchukia jirani asiyehama. Katika muda wake alijinunulia kitabu cha aljebra, akakisoma peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, akakirudia. Humo hapakuwa na kijiti hata kimoja. Palikuwa na x, na x hatafunwi.

Basi ilipotokea kwamba shule ya misheni nje kidogo ya Geita imefungua darasa la tisa na la kumi, na mzungu aliyekuwa akifundisha hisabati amerudi kwao kwa ugonjwa, Padri Marcel, mkuu wa shule, alimwita Athanas. Cheti chake hakikutosha kwa madarasa hayo, kwa hiyo alipewa kibali cha muda ambacho mkaguzi wa shule alipaswa kukithibitisha. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya furaha yake. Asubuhi aliingia darasa la kumi, akachukua chaki, akaandika x, na vijana ishirini na tatu waliovaa kaptura za kaki wakaandika x. Hakutamani kitu kingine duniani.

Mwaka wa hamsini na tano mkaguzi alipita, akasikiliza somo, akaenda zake. Baadaye Padri Marcel alimwita Athanas ofisini.

"Ameridhika nusu," Padri akasema. "Anasema vijana wako wanatatua milinganyo vizuri sana, ila hawajui wanatatua nini. Anataka vitu, Mwalimu. Vitu vya kushika."

"Vitu gani, Padri? Hii ni aljebra."

"Sijui mimi. Nilisoma teolojia. Lakini atarudi kabla ya Pasaka, na mara hii ataamua. Akikukubali, darasa la kumi ni lako. Asipokukubali, kibali kinakwisha na unarudi Ushetu."

"Kwenye vijiti."

"Kwenye watoto," Padri akasahihisha.

Athanas alitembea na jambo hilo kichwani siku kadhaa, akilitafuta swali la aljebra lenye umbo la kitu. Akalipata. Ni swali la kawaida kwenye vitabu, la sanduku ambalo urefu, upana na kina chake ni namba nzima tatu zinazofuatana. Unapewa ujazo wake, unatafuta vipimo. Yeye alichagua kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu. Kumi na moja mara kumi na mbili ni mia moja thelathini na mbili. Mara kumi na tatu ni elfu moja mia saba na kumi na sita. Wanafunzi wangepewa ile 1716 peke yake. Wangeunda mlinganyo, wangeutatua, wangepata vipimo, na hapo Mwalimu angefunua kitambaa mezani na sanduku lenyewe lingekuwa pale, likithibitisha. Mkaguzi alitaka kitu cha kushika, angekishika.

Akashuka hadi mtaa wa Kalangalala kwa Fundi Fikirini.

Fikirini alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu, mcheshi, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya mgodi kabla ya kufungua yake. Huko mgodini alitengeneza kitu kimoja zaidi ya vingine vyote, nacho ni masanduku ya kusafirishia sampuli za mawe kwenda kupimwa dhahabu. Bado aliyatengeneza kwa agizo. Ndiye aliyetengeneza pia kile kitanda.

"Shikamoo, Fundi," Athanas akasema, maana Fikirini alimzidi umri.

"Marahaba, Mwalimu. Kitanda kimekaaje?"

"Kimekaa vizuri."

"Kimekaa, najua. Kitakwenda wapi?"

Vijana wawili waliokuwa wakipiga randa waliinamisha vichwa. Athanas akajifanya hakusikia, akatoa kipande cha karatasi.

"Nataka sanduku. Vipimo ni hivi. Kumi na moja kwa kumi na mbili, kwenda chini kumi na tatu. Inchi."

Fikirini akaisoma karatasi, akaigeuza upande wa pili, akaona hapana kitu.

"Utatia nini?"

"Sitatia kitu."

"Sanduku la kutotia kitu."

"La kufundishia. Wanafunzi watatafuta x."

"Amepotelea humo?"

"Ni namba, Fundi."

"Haya. Na kifuniko?"

"Kifuniko kiwepo. Nataka sanduku kamili, lisilo na upungufu. Anakuja mkaguzi."

"Mkaguzi," Fikirini akarudia kwa heshima. "Basi nitakutengenezea kama la mgodi. Mvule mkavu, mbao ya nusu inchi. La mgodi halikaguliwi likarudi."

Hakuuliza kama vipimo ni vya ndani au vya nje. Katika kazi yake swali hilo halikuwepo. Aliyeagiza sanduku alitaja nafasi anayohitaji kwa mawe yake, na unene wa mbao ulikuwa juu ya fundi. Katika kazi ya Athanas swali hilo halikuwepo pia, kwa kuwa masanduku ya vitabuni hayana unene. Wakaagana wakiwa wameelewana kabisa.

Fikirini aliahidi sanduku mapema, akalileta asubuhi ile ile ya ukaguzi, begani, akiwa amechelewa kwa ajili ya umaridadi. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Mbao zilipigwa msasa mpaka zikang'aa, kona zilikutana bila mwanya. Na kifuniko kilikuwa kimepigiliwa misumari kuzunguka pande zote, juu yake mikanda miwili ya bati, kwa sababu sanduku la mgodi likishafungwa halifunguliwi hadi lifike kwa mpimaji.

"Umelifunga," Athanas akasema.

"Ulisema kamili."

Limi, aliyekuwa akipepeta mchele kibarazani, akaliangalia sanduku, kisha akamwangalia mumewe.

"Umelipima?"

"Nilishalipigia hesabu, Mama Herman."

"Nimeuliza umelipima."

Athanas alikuwa na rula mkononi. Lakini kengele ilikuwa inagongwa, na zaidi ya kengele, kupima kitu alichokwisha kukipigia hesabu kulikuwa kwake sawa na kupekua mfuko wa rafiki. Akalifunika sanduku kwa kitambaa cha meza na kulibeba kwenda darasani.

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mwenye nywele chache, aliyepita jeshini wakati wa vita kama mhandisi wa madaraja, na aliyekuwa na ugonjwa wa kupima. Mfukoni alitembea na futi ya mti ya kukunja. Alikwisha kupima madawati ya shule hiyo, madirisha yake, na mara moja kina cha choo. Akakaa nyuma ya darasa pamoja na Padri Marcel, akaweka futi yake juu ya goti, akangoja.

Athanas akaandika swali ubaoni kwa Kiingereza, lugha ya somo, kwa mwandiko wake ulionyooka. Kisha akamwita Mageni, kijana mkimya wa darasa hilo aliyejua kuandika kazi yake wazi.

Mageni akafanya kama alivyofundishwa. Katika namba tatu zinazofuatana, Athanas alipenda x iwe ile ya katikati. Ukiita ndogo x, unapata x, x + 1 na x + 2, na ukizidisha unapata mlinganyo wenye mikia mingi. Ukiita ya katikati x, ndogo ni x − 1 na kubwa ni x + 1. Hizo mbili zikizidishwa ni x² − 1, na ukizidisha tena kwa x unabaki na x³ − x, basi. Mageni akaandika:

x³ − x = 1716
x³ − x − 1716 = 0

"Tunatafuta nini?" Athanas akauliza.

"Namba ambayo tukiitia mahali pa x, upande wote unakuwa sifuri, sir."

"Tutaanzia wapi?"

"Tunatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu inakaribia 1716. Kumi na mbili inatoa 1728. Ukiondoa kumi na mbili, inabaki 1716 kamili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo x − 12 ni kigawo, sir."

Akagawanya taratibu, mstari kwa mstari, akaandika:

(x − 12)(x² + 12x + 143) = 0

Akaeleza kwamba mabano ya pili hayatoi namba yoyote ya kufaa, kwa sababu mraba wa kumi na mbili ni 144, na mara nne ya 143 ni 572, na ukitoa hiyo kubwa katika hiyo ndogo unapata hasi, na hasi haina kipeuo cha pili. Limebaki jibu moja. Akaandika x = 12, akapiga mstari chini yake.

Huo ndio uliokuwa wakati wa kitambaa. Athanas akakivuta. Darasa likaguna kwa kupendezwa, maana hakuna aliyewahi kuona swali likiletwa mezani na misumari yake.

Mkaguzi alikuwa amesimama tayari. Akaja mbele akikunjua futi, akaiweka kwenye ubavu wa sanduku uliokuwa mfupi kuliko zote, akainama.

"Kumi na mbili," akasema. "Kamili. Vizuri sana. Hiki ndicho nilichokuwa nakiomba." Akageuka kumtazama Padri, na Padri akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kama Mageni angekuwa kijana wa kuishia njiani, mambo yangekwisha hapo, na kila mtu angekwenda kunywa chai. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba x si jibu bali ni njia ya jibu. Akaendelea kuandika: vipimo ni inchi 11, inchi 12 na inchi 13.

Mkaguzi akalisoma jibu. Akaangalia futi yake.

"Hapana kumi na moja hapa," akasema.

Akapima tena. Kumi na mbili. Akapima ubavu wa pili, kumi na tatu. Wa tatu, kumi na nne. Akamwita Mageni apime naye, kijana akapata vile vile. Namba tatu nzima, zinazofuatana, safi kabisa, ila siyo zenyewe.

"Nadhani naliona kosa," mkaguzi akasema kwa upole. "Umeiita x ya katikati. Ilipaswa kuwa ile ndogo. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne."

Mageni, ambaye hakufundishwa kubishana na wakubwa, akazidisha pembeni mwa ubao. Kumi na mbili mara kumi na tatu ni 156. Mara kumi na nne ni 2184.

"Haiwi 1716, sir."

"Basi kosa liko katika swali. Mwalimu amekosea kunakili ujazo, jambo la kawaida. Andika 2184 hapo juu, x itakuwa kumi na tatu, na kila kitu kitakaa sawa. Ndivyo, Mwalimu?"

Nyuma ya darasa Padri Marcel alitikisa kichwa chake chini na juu, polepole, kama anayemfundisha mtoto kukubali. Athanas alimwona. Kukosea kunakili namba si dhambi. Hakuna mwalimu anayerudishwa Ushetu kwa kukosea kunakili. Alichotakiwa kusema ni neno moja.

Lakini yeye alikuwa bado ubaoni. Alikuwa akiupitia mlinganyo kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, akilitafuta kosa lililoufanya mvule urefuke. x³ − x, sawa. Kumi na mbili, sawa. 143, sawa. Alikuwa amezoea kuona vitu vikimwasi, lakini daima vilimwasi kwa fujo, kwa robo na vipande. Sanduku hili lilimwasi kwa adabu, inchi moja moja kila upande, kana kwamba nalo limesoma.

Mageni akainua kifutio, akakipeleka kwenye 1716.

"Usifute," Athanas akasema.

Kifutio kikabaki hewani.

"Sikukosea kunakili, bwana," akamwambia mkaguzi. "Namba ni hiyo. Na kazi ya kijana haina kosa."

"Na sanduku?"

Athanas akaligeukia sanduku. Kwa mara ya kwanza tangu liletwe alilitazama. Aliona mahali ubao mmoja ulipokutana na mwenzake kwenye kona, na pale, kwenye kichwa cha ubao, palionekana unene wake, mstari mnene wa mvule wenye misumari mitatu. Nusu inchi. Na upande wa pili, nusu inchi. Kitanda kikamjia mbele ya macho, kimesimama wima mlangoni, miguu nje.

"Bwana," akasema kwa sauti ndogo, "fundi ametengeneza nafasi. Sisi tunapima mbao."

Kisha akaeleza, na alipoeleza akapata nguvu, maana jambo lenyewe lilikuwa hesabu. Kila kipimo cha nje ni kipimo cha ndani na mbao mbili, na mbao mbili ni inchi moja. Ongeza moja kwa namba tatu zinazofuatana, unapata nyingine tatu zinazofuatana. Ndiyo maana sanduku lilidanganya bila kuonekana linadanganya. Ndani lina 1716. Nje linachukua 2184.

"Tufungue," mkaguzi akasema.

Halikufunguka kirahisi. Fikirini alikuwa amelifunga dhidi ya wezi wa dhahabu. Padri Marcel akaleta koleo na tindo kutoka kwenye sanduku la vifaa vya pikipiki yake, akakunja mikono ya kanzu, akapiga goti. Mkaguzi akashikilia upande mmoja, Athanas upande mwingine, na darasa la kumi likaacha kukaa. Mkanda wa kwanza ukakatika, wa pili ukamkwaruza Padri kidole, naye akasema neno la kwao ambalo halikuwa la teolojia. Kifuniko kikapasuka katikati, kikatoka kwa vipande viwili.

Mageni akaingiza futi ndani.

"Kumi na moja," akasoma. "Kumi na mbili." Akaisimamisha kutoka sakafu ya sanduku hadi ukingoni. "Kumi na tatu."

Vijana wakapiga makofi, bila kujua hasa nani ameshinda. Mkaguzi hakupiga. Alikuwa akimtazama Athanas kwa macho ya mtu aliyechezewa mchezo mzuri.

"Ulipanga haya," akasema.

"Hapana, bwana. Sikujua."

"Vipimo vya nje pia vinafuatana. Ukanyamaza mpaka nikatoa jibu la makosa mbele ya darasa zima, mimi mwenyewe, mhandisi. Ukaacha sanduku limepigiliwa ili tulifungue kwa jasho. Hawatasahau hata wakizeeka."

"Bwana, nilikuwa nimesahau kwamba mbao ina unene."

Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani. "Na wala hajisifu," akamwambia Padri Marcel.

Athanas alijaribu mara ya tatu, nje, wakati wa chai. Aliambiwa kwamba unyenyekevu ni jambo jema lakini una kipimo chake. Akanywa chai.

Nyumbani Limi alikuwa akimngoja mlangoni.

"Amekukubali?"

"Amenikubali sana."

"Mbona uso umekaa hivyo?"

"Amenikubali kwa kitu ambacho sikukifanya."

"Wengine wanakataliwa kwa ambavyo hawakuvifanya," Limi akasema. "Ingia ule."

Kwa wiki zilizofuata Athanas alifundisha kwa raha ambayo hakuwahi kuijua. Alianza kupanga masomo ya mwaka mzima ujao. Hata sanduku lililopasuka kifuniko alilisamehe, akaliweka dirishani mwa darasa.

Uamuzi ulikuja baada ya Pasaka. Padri Marcel alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakulifanya kila siku.

"Pongezi, Mwalimu. Umepandishwa cheo na mshahara. Mkaguzi anasema katika mkoa mzima hajaona mtu mwenye kipaji kama chako cha kufundisha hesabu kwa vitu vya kushika."

"Asante, Padri."

"Anasema ni hasara kukifungia kipaji hicho katika darasa moja la vijana wakubwa, ambao hata kwa kitabu tu wangeelewa. Watakaonufaika ni watoto wadogo. Kwa hiyo wewe utawafundisha walimu wao. Kituo kinafunguliwa, walimu watakuja kwako kwa zamu, utawaonyesha matumizi ya masanduku, mbegu, mawe." Padri akasita. "Vijiti."

"Kituo kiko wapi, Padri?" Athanas akauliza.

"Kituo chenyewe kiko Ushetu," Padri akamalizia.

"Na darasa la kumi?"

"Anakuja kijana kutoka Makerere." Padri akashika meza kwa mikono miwili. "Mwalimu, ungekubali siku ile kwamba umekosea kunakili, ungepewa alama ya wastani na ungebaki hapa. Nilikutikisia kichwa."

"Nilikuona, Padri."

"Mbona hukusema ndiyo?"

"Alikuwa anataka kuifuta," Athanas akasema. "Na ilikuwa sahihi."

Siku ya kuhama, lori la misheni likaegeshwa uani. Vyombo vilitoka, kuku wakatoka wamefungwa miguu, mtoto wao Herman akatoka na kibao chake cha kuandikia. Kitanda hakikutoka. Athanas alikuwa amekipima safari hii, miguu, mbao za ubavuni na vichwa vya misumari, akaupima mlango, akatoa moja katika nyingine, akapata hasi. Akamtuma mtu Kalangalala.

Fikirini akafika na nyundo na tindo, akaitazama fremu ya mlango kama mtu anayesalimiana na rafiki wa zamani.

"Na yule x wako, Mwalimu? Mlimpata?"

"Tulimpata, Fundi."

"Alikuwa wapi?"

"Ndani."

"Nilijua," Fikirini akasema. "Ukimweka nje mvua itamharibu." Akaanza kung'oa fremu. "Huko unakokwenda unahitaji kitu? Nina mvule umebaki."

Athanas alifikiri kidogo. Sanduku lilikuwa tayari juu ya lori, limepigiliwa kifuniko kipya. Limi alikuwa amekataa lipande likiwa tupu wakati lori lina nafasi ndogo, akalijaza kitu cha kwanza alichokiona kinafaa, vijiti vya kuhesabia ambavyo darasa la kwanza walimchongea Mwalimu kama zawadi ya kuagana.

"Mlango," Athanas akasema. "Nitengenezee fremu ya mlango ambao kitanda hiki kitapita bila kung'oa kitu. Nitatuma mtu aichukue."

"Vipimo?"

Mwalimu akavitaja. Halafu, kabla fundi hajaandika, akainua kidole.

"Vya ndani," akasema.

Fikirini akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Vya ndani, Mwalimu, sawa. Kwani mlango mtu hupita wapi?"